Ndoo 8 za nyanya, tofauti ya matunda 7: matandazo yamesaidia au ni bahati tu?

MkulimaWaNdoo (Dodoma)

Wakuu salaam. Nina nyanya aina ya Tanya kwenye ndoo 8 za lita 20, nyuma ya nyumba. Msimu huu nilitaka kujua kama kutandaza nyasi kavu juu ya udongo kunaongeza mavuno kweli au ni maneno ya vijiweni. Ndoo 4 nikazitandaza, 4 nikaziacha wazi. Maji sawa, samadi sawa, ukuta uleule. Nimehesabu matunda ya kila ndoo mpaka mche ulipochoka:

Ndoo 1, wazi: 23
Ndoo 2, matandazo: 31
Ndoo 3, matandazo: 21
Ndoo 4, wazi: 17
Ndoo 5, matandazo: 34
Ndoo 6, wazi: 20
Ndoo 7, wazi: 24
Ndoo 8, matandazo: 26

Zenye matandazo jumla ni 112, wastani 28. Za wazi jumla 84, wastani 21. Tofauti ni matunda 7 kwa ndoo. Mimi naona ni kubwa, ila jirani yangu kanicheka, anasema ndoo 8 si kitu, hata ningezigawa nikiwa nimefumba macho ningepata tofauti kama hiyo. Kuna namna ya kumjibu kwa hesabu? Shule niliishia kidato cha nne, nirahisishieni.

MzeeWaExcel

Mkuu, hapo unafanya jaribio la t, Excel inakupa jibu kwa sekunde. Nimeingiza namba zako: t ni 2.14, na thamani ya p, yaani nafasi ya kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, ni 0.076. Haijafika chini ya 0.05, mstari unaotumiwa na wengi, kwa hiyo hakuna tofauti. Tena kitaalamu ukiwa na sampuli chini ya 30 huruhusiwi kufanya hesabu yoyote ya maana. Panda ndoo 60, urudi.

KukuChotara

Naweka kigoda. Hili linanihusu, nina chakula cha aina mbili nataka kulinganisha.

Bi_Hesabu

MkulimaWaNdoo, kabla ya yote nijibu jambo moja: ni nani aliyeamua ndoo ipi ipate matandazo? Ulichagua kwa macho, au?

MkulimaWaNdoo (Dodoma)

Kura, mwalimu. Vikaratasi 8 kwenye kofia, 4 nimeandika M na 4 nimeandika W. Nikapita ndoo ya kwanza hadi ya nane, kila moja inachomolewa kikaratasi chake.

Bi_Hesabu

Basi jirani yako umempata, maana hoja yake inaweza kupimwa vilevile alivyoisema. Anadai ungegawa macho yakiwa yamefumba ungepata tofauti kama hiyo. Wewe kweli uligawa macho yakiwa yamefumba. Kwa hiyo swali ni hili: kofia ile ingeweza kutoa migawanyo mingapi, na kati ya hiyo, ni mingapi ingetoa tofauti ya 7 au zaidi?

Sasa mchukulie jirani yako neno lake kwa ukamilifu. Kama matandazo hayafanyi chochote, basi ndoo ya 5 ingezaa matunda 34 hata ingechomolewa W. Ndoo ya 4 ingezaa 17 hata ingepata M. Namba zinabaki zimeshikamana na ndoo zake; kinachohama ni vikaratasi tu. Ndiyo maana tunaweza kucheza kura upya hapa mezani, bila kupanda tena hata mche mmoja.

Kuchagua ndoo 4 kati ya 8: kura ya kwanza ya M ina nafasi 8, inayofuata 7, kisha 6, kisha 5. Zidisha, unapata 1,680. Lakini mpangilio wa kuchomoa haujalishi, M nne zile zile zinaweza kutoka kwa njia 24, kwa hiyo gawa kwa 24. Inabaki 70. Kofia yako ilikuwa na migawanyo 70, kila mmoja na nafasi sawa na mwenzake, na wewe ulitoa mmojawapo.

Huna haja ya kuandika yote 70. Jumla ya matunda yote ni 196 na haibadiliki, hivyo ukijua jumla ya kundi la M unajua kila kitu. Tofauti yako ya 7 ni sawa na kusema kundi la M lilifikisha 112. Tafuta makundi ya ndoo nne yanayofikisha 112 au zaidi. Anza na nne kubwa kuliko zote halafu uteremke taratibu. Nakuachia ujaribu, au yeyote humu ajaribu.

Wa_Nakuru

Hebu nijaribu, mwalimu. Nimezipanga kuanzia ndogo: 17, 20, 21, 23, 24, 26, 31, 34.

Nne kubwa ni 34, 31, 26 na 24, jumla 115. Nikitoa 24 niweke 23 napata 114. Nikiendelea kushuka, 21 mahali pa 23, napata 112, na hilo ndilo kundi lenyewe alilopata ndugu yetu. Zinazozidi 112 ni mbili tu, kwa hiyo 2 kati ya 70, yaani 0.029. Iko chini ya 0.05. Mambo ni poa, matandazo yanafanya kazi! Mzee wa Excel amepotosha.

Bi_Hesabu

Umeanza vizuri sana, ila umeteleza mahali pawili.

La kwanza, umehesabu zinazozidi 112 peke yake. Swali la jirani ni "tofauti kama hiyo", yaani ya 7 au kubwa zaidi. Mgawanyo wenyewe aliopata mwenye ndoo ni mmojawapo wa 70, ulitoka kweli kwenye kofia, huwezi kuuacha nje ya hesabu. Ukiuacha, mtu aliyepata mgawanyo mkubwa kuliko yote angekuwa na p ya sifuri, kama kwamba jambo lisingewezekana kabisa, na lenyewe limetokea.

La pili, umeteremka ngazi moja tu, ukabadilisha namba ya mwisho peke yake. Jaribu kuitoa 26 badala yake: 34, 31, 24 na 23. Jumlisha.

Wa_Nakuru

112! Kumbe lipo lingine lililolingana kabisa. Haya, nimerudia kwa makini:

34, 31, 26, 24: jumla 115, tofauti 8.5
34, 31, 26, 23: jumla 114, tofauti 8
34, 31, 26, 21: jumla 112, tofauti 7 (hili ndilo lake)
34, 31, 24, 23: jumla 112, tofauti 7

Linalofuata ni 34, 31, 26, 20 lenye 111, halifiki. Na 34, 31, 24, 21 ni 110. Nikiitoa 31 kabisa, bora ninaloweza kupata ni 34, 26, 24, 23, jumla 107. Basi ni manne. 4 kati ya 70 ni 0.057. Aisee, imepita mstari kidogo.

Bi_Hesabu

Manne ndiyo. Kosa lako la kuacha zilizolingana ni la kawaida, na kwenye data ndogo lina uzito: limekata jibu nusu nzima.

Bado kuna upande wa pili. Kama kofia ingetoa mgawanyo ambamo ndoo za wazi zinazidi kwa 7, jirani angesema "umeona, matandazo yanadhuru", na wewe ungekaa kimya? Kwa sababu makundi yote mawili yana ndoo 4, kila mgawanyo una kinyume chake: badilisha M na W, tofauti inageuka alama. Kwa hiyo upande wa pili nao una 4. Jumla 8 kati ya 70, yaani 0.114.

MkulimaWaNdoo (Dodoma)

Hapo sijaelewa, mwalimu. Mimi tangu mwanzo nilitarajia matandazo yaongeze. Hapa Dodoma jua linakausha udongo mpaka unapasuka. Kwa nini nihesabu na upande ambao sikuutarajia?

Mtu_wa_Tanga

Kwa sababu matandazo yanaweza kudhuru pia, ndugu. Huku kwetu, na mvua zetu, niliwahi kutandaza nyanya shina likaoza kwa unyevu, na konokono wakahamia na familia zao. Ulitarajia kichwani au uliandika mahali kabla ya kupanda?

MkulimaWaNdoo (Dodoma)

Kichwani.

Mtu_wa_Tanga

Kichwani kila mtu alitarajia kilichotokea.

Bi_Hesabu

Mtu_wa_Tanga amesema kwa ukali lakini ndipo nami ninaposimama. Upande mmoja unakubalika ukiutaja kabla. Wapo wataalamu wanaokubali upande mmoja kwa jambo kama hili la Dodoma, kwa hoja kwamba kudhuru si jambo linalotegemewa. Mimi ningesema 0.114, na ningemwambia msomaji kwamba upande mmoja ni 0.057 aamue mwenyewe.

MzeeWaExcel, nakurudia. Hesabu yako ya 0.076 ni sahihi kama hesabu. Ila jaribio la t linachukua kwamba matunda ya ndoo yametawanyika kwa umbo la kengele na kwa mtawanyiko ule ule pande zote, na kwa ndoo 4 huna namna ya kujua. Hii ya vikaratasi haihitaji umbo lolote. Inahitaji kofia tu. Hilo la 30 nalo ni kanuni ya kukisia, inahusu lini wastani unaanza kufuata umbo la kengele. Haikatazi mtu mwenye ndoo 8 kuhesabu. Na "haijafika 0.05 kwa hiyo hakuna tofauti" si kweli kwa njia yoyote ile. Ndoo 8 zimeshindwa kumnyamazisha jirani, basi. Hazijathibitisha kwamba matandazo hayafanyi kitu.

MzeeWaExcel

Nakubali kuhusu 30, ila mbona zote mbili zinapima kitu kimoja, kama wastani mbili ni sawa? Tofauti ya 0.076 na 0.114 ni ya kelele tu.

Bi_Hesabu

Karibu kitu kimoja, si kimoja. Hii ya vikaratasi imeanza na madai makali zaidi: kwamba kila ndoo ingezaa vile vile ikipata M au W. Matandazo yangeweza kuongeza matunda kwenye ndoo imara na kupunguza kwenye ndoo dhaifu kwa kiasi kile kile. Wastani zisingetofautiana, lakini madai ya "hayafanyi chochote" yangekuwa ya uongo. Tazama namba zake: zenye matandazo zimetoka 21 hadi 34, za wazi 17 hadi 24. Mtawanyiko wa upande mmoja unaonekana kuwa mpana zaidi. Kama makundi yangekuwa na idadi tofauti, tuseme 3 kwa 12, na mtawanyiko ukawa tofauti hivyo, kuitumia njia hii kama kipimo cha wastani peke yake kungeweza kukupotosha. Kwa 4 kwa 4 tatizo ni dogo.

Kwa wanaopenda historia: namba 70 si ngeni. Mwaka 1935 Ronald Fisher alieleza jaribio la bibi mmoja aliyedai anaweza kutambua kwa kuonja kama maziwa yametangulia kikombeni au chai. Vikombe 8, 4 vya kila aina, vimepangwa kwa kura. Migawanyo 70, na kupatia vyote kwa kubahatisha ni 1 kati ya 70. Ni kofia hii hii. Tofauti ni kwamba yeye alihesabu vikombe alivyopatia, sisi tunahesabu tofauti ya wastani.

KukuChotara

Mwalimu nimeelewa, hii ni dawa yangu. Nina banda mbili, vifaranga 50 kila moja. Banda A chakula cha kununua, banda B nachanganya mwenyewe pumba, mashudu na dagaa. Nimewapima wote wakiwa na wiki 5. Nikichanganya namba 100 kwa kompyuta nitapata p ndogo sana, maana tofauti inaonekana kwa macho. Niendelee?

Bi_Hesabu

Hapana, kaka, subiri. Kura yako ilikuwa ya nini? Ulichomoa kikaratasi kwa kila kifaranga au kwa kila banda?

KukuChotara

Sikupiga kura. Ila hata ningepiga ingekuwa ya banda, huwezi kulisha vifaranga viwili tofauti kwenye chombo kimoja.

Bi_Hesabu

Basi kofia yako ingekuwa na vikaratasi viwili: A inunuliwe B ichanganywe, au kinyume. Migawanyo 2. Uzito wa vifaranga 100 hauongezi hata mmoja. Vifaranga wa banda moja wanashiriki joto, upepo, ugonjwa na mkono wa anayewalisha. Ukichanganya namba 100 kana kwamba kila kifaranga kilipigiwa kura, utapata p ndogo kweli, lakini huenda inasema kwamba banda A halivuji na banda B linavuja.

KukuChotara

Banda B linavuja, ni kweli. Nani kakwambia?

Wa_Nakuru

😂😂

Nami nimeiweka kwenye R, programu ya takwimu, nione kama mkono wangu ulidanganya:

```
matandazo <- c(21, 26, 31, 34)
wazi <- c(17, 20, 23, 24)
zote <- c(matandazo, wazi)
jumla <- combn(zote, 4, sum)
tofauti <- (2 * jumla - sum(zote)) / 4
mean(abs(tofauti) >= 7)
```

Imetoa 0.1142857, ndiyo 8 kati ya 70. Swali, mwalimu: kama ningekuwa na ndoo 20 kwa 20?

Bi_Hesabu

Hapo migawanyo ni 137,846,528,820. Usijaribu kuiorodhesha. Changanya vikaratasi kwa kompyuta mara 9,999, hesabu mingapi imefikia tofauti yako, ongeza 1 juu na 1 chini. Ile 1 ni mgawanyo wako halisi, kwa sababu ile ile niliyokwambia: nao ulitoka kofiani.

Tahadhari moja ya alama `>=`. Ukiwa na matunda mazima hakuna shida. Ukipima kilo zenye desimali, kompyuta inaweza kuona jumla mbili zilizolingana kama hazikulingana, kwa tofauti ya chembe kabisa, ikaacha migawanyo iliyofungana nawe. Pima kwa gramu nzima, tatizo linakwisha.

Mtu_wa_Tanga

Mimi nina swali kwa mwenye uzi. Miche yote 8 ilikuwa na afya sawa siku ya kuhamishia kwenye ndoo? Maana 17 na 21 zinaonekana kama miche iliyokuwa na shida tangu kitaluni.

MkulimaWaNdoo (Dodoma)

Umepiga penyewe. Ndoo ya 3 na ya 4 miche yake ilikuwa dhaifu, imenyongea. Sikuitaja kwa sababu niliona haina maana, niliishughulikia. Kura ya kwanza ilizitupa zote mbili upande wa W. Nikaona si haki, nikarudisha vikaratasi kofiani nikapiga upya. Ya pili ikatoa moja M moja W, nikaridhika.

Wa_Nakuru

Lo! Ndugu, hilo ndilo ungelianza nalo.

Bi_Hesabu

Hapo umebadilisha kila kitu nilichoandika. Nijibu kwa ukweli: kama kura ya pili nayo ingeziweka zote upande mmoja, tuseme upande wa M, ungefanya nini?

MkulimaWaNdoo (Dodoma)

Ningerudia tena. Upande wowote, nilitaka zigawane.

Bi_Hesabu

Sawa. Basi kofia yako haikuwa na migawanyo 70. Migawanyo ambamo ndoo 3 na 4 ziko upande mmoja usingeikubali kamwe. Iliyobaki: moja kati ya zile mbili dhaifu inakwenda M, njia 2, na tatu kati ya zile sita imara zinakwenda M, njia 20. Jumla 40. Na kwa kuwa ulikuwa unarudia kura nzima, hukuhamisha ndoo kwa mkono, hiyo 40 ina nafasi sawa.

Sasa rudi kwenye orodha ya Wa_Nakuru. Kundi la 115, kundi la 114, na lile la 34, 31, 24, 23: yote matatu yameziacha 17 na 21 pamoja upande wa W. Kofia yako isingeweza kuyatoa. Linabaki moja tu, lako. Hebu tulihakiki: ukiwa na 21 upande wa M, unahitaji 91 kutoka ndoo tatu imara, na njia pekee ni 34, 31, 26. Ukiwa na 17 unahitaji 95, na hakuna. Upande wa pili nao ni mmoja, kinyume chake. 2 kati ya 40, yaani 0.05 kamili.

MzeeWaExcel

Ngoja. Ndoo zile zile, matunda yale yale, p imetoka 0.114 ikawa 0.05 kwa sababu ya alichofanya na kofia?

Bi_Hesabu

Ndiyo. Thamani ya p haikai kwenye namba peke yake, inakaa kwenye namba pamoja na kura iliyozigawa. Alipozigawanya zile dhaifu sawa kwa sawa, aliondoa chanzo kikubwa cha bahati: migawanyo iliyokuwa inatoa tofauti kubwa kwa sababu tu miche mibovu imejikuta upande mmoja. Hesabu ya 70 ilikuwa bado inamtoza kwa bahati ambayo hakuiruhusu itokee.

Wa_Nakuru

Nimethibitisha, nafasi ya 1 na ya 5 kwenye `zote` ndizo dhaifu:

```
chagua <- combn(8, 4)
dhaifu <- c(1, 5)
ruhusa <- apply(chagua, 2, function(k) sum(dhaifu %in% k) == 1)
sum(ruhusa)
mean(abs(tofauti[ruhusa]) >= 7)
```

Imetoa 40, kisha 0.05.

Mtu_wa_Tanga

Samahani, mimi sinunui. Mtu amepata 0.114, halafu inatokea hadithi ya kura iliyorudiwa na jibu linakuwa 0.05. Najua mimi ndiye niliyemuuliza. Lakini "ningerudia upande wowote" ni jambo analolisema leo. Kura ya kwanza ilikuwa inawaonea W, akairudia. Ingewaonea M je, ni kweli angeirudia, au angesema mwacheni mungu apange? Na kama angerudia upande mmoja tu, hiyo 40 si yenyewe.

Bi_Hesabu

Hapo una hoja. Tuihesabu. Kama angekataa tu zile dhaifu zinapokuwa zote W, lakini akakubali zinapokuwa zote M, angeongeza migawanyo 15 kwenye 40, inakuwa 55. Ile mipya inabeba 17 na 21 kwenye M. Ndani yake kuna mitatu inayotoa tofauti ya 7 au zaidi upande wa kinyume: M ikiwa 17, 20, 21 na 23 au 24 au 26. Basi ni 5 kati ya 55, yaani 0.091. Kwa hiyo tuna 0.05 kwa neno lake, 0.091 kwa shaka yako, na 0.114 kama tungejifanya hatukusikia. Mimi ningeandika 0.05 na kueleza kura ilivyopigwa, mara ngapi, na kwa nini.

Mtu_wa_Tanga

Mimi ningeandika 0.091 na kumwambia arudie msimu ujao.

MkulimaWaNdoo (Dodoma)

Nimeangalia daftari. Siku ya kupandikiza nimeandika: "kura imerudiwa, 3 na 4 zisikae pamoja." Upande sikuutaja.

Mtu_wa_Tanga

"Zisikae pamoja" inasaidia kidogo. Kidogo.

MkulimaWaNdoo (Dodoma)

Msimu ujao natafuta ndoo 12. Nitapanga miche kwa nguvu yake kabla, nigawe wawili wawili wanaofanana, kisha sarafu kwa kila jozi. Ni sawa, mwalimu?

Bi_Hesabu

Sawa kabisa, ila ujue kofia imebadilika tena. Jozi 6, sarafu 6, kwa hiyo migawanyo ni 64, si 924 ya kugawa 12 kiholela. Ndogo kabisa utakayoweza kupata kwa pande mbili ni 2 kati ya 64, karibu 0.031, na hiyo ni kama matandazo yameshinda katika kila jozi. Kama miche inatofautiana sana, jozi zitakulipa. Kama inafanana, umejibana bure. Na sarafu ikishaanguka, usiirudie.

KukuChotara

Nimerudi. Nimehesabu, naweza kuwa na mabanda 6. Matatu kwa matatu. Inatosha?

Bi_Hesabu

3 kwa 3 ni migawanyo 20. Hata kila banda la chakula kimoja likishinda kila banda la kingine, pande mbili unapata 2 kati ya 20, yaani 0.10. Kwa hesabu hii huwezi kushuka chini ya hapo, hata kuku wawe na uzito wa mbuni. Jenga mawili zaidi.

KukuChotara

Mwalimu unajua bei ya mbao siku hizi?

Wa_Nakuru

Anza na kuziba lile linalovuja.